Kutoka Rangi ya Kiazi hadi Akiba ya Ini

Kiazi kitamu cha rangi ya chungwa hakina vitamini A ndani yake. Kauli hii huenda ikamshangaza msomaji aliyezoea kusikia mabwana shamba na maofisa wa afya wakikiita kiazi lishe na kukisifu kwa vitamini hiyo hiyo, lakini ndivyo ilivyo, kwa sababu vitamini A yenyewe, ambayo wanakemia huiita retinoli, hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama, kama vile maini, mayai, maziwa na samaki wenye mafuta, ilhali mazao ya shambani hayana. Kilichomo ndani ya kiazi ni beta-karotini, yaani rangi ya njano iliyokolea ambayo mmea huitengeneza kwa manufaa yake wenyewe, na ambayo mwili wa binadamu umejaliwa uwezo wa kuigeuza kuwa vitamini A baada ya kuliwa. Kazi hiyo ya kugeuza ina hatua kadhaa, na katika kila hatua sehemu ya rangi hupotea, kiasi kwamba viazi viwili vyenye rangi sawa, vikiliwa na watoto wawili wa nyumba jirani, vinaweza kuleta matokeo yasiyofanana hata kidogo.

Kengeja, iliyoko kusini mwa kisiwa cha Pemba katika Wilaya ya Mkoani, ni mahali panapofaa kuufuatilia mkondo huu hatua kwa hatua, kwa kuwa huko, kama kwingineko kisiwani, kiazi kitamu ni chakula cha kila siku na si kitu cha kufundishwa. Marando hupandwa juu ya matuta mvua zinapokolea, viazi huchemshwa kwa maji na chumvi kidogo vikaliwa asubuhi kwa chai, na mwezi wa Ramadhani unapoingia hupikwa kwa nazi vikawa futari. Aina zilizozoeleka kwa muda mrefu ni zile ambazo ndani yake ni nyeupe au za njano hafifu, na sababu yake inaeleweka: walaji wa pwani hupenda kiazi kikavu, chenye unga, kisichoteleza kinywani, na aina nyingi za mwanzo za rangi ya chungwa zilikuwa na maji mengi zaidi na unga mchache. Watafiti wa mbegu walichukua miaka mingi kuunganisha sifa hizo mbili, na miongoni mwao alikuwamo Robert Mwanga wa Uganda, ambaye aina yake iitwayo Kabode, iliyoidhinishwa nchini kwake mwaka 2007, imesambaa hadi Tanzania. Mwaka 2016 Mwanga pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis walitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya kurutubisha mazao, ambayo kwa watatu wa kwanza ilihusu kiazi hiki.

Beta-karotini ni mnyororo mrefu wa atomu 40 za kaboni, wenye pete ndogo katika kila ncha, na nusu yake ya kushoto inalingana kabisa na nusu yake ya kulia. Ulinganifu huo ndio kiini cha habari yote, kwa sababu molekuli moja ya vitamini A ina kaboni 20, na umbo lake ni lile lile la nusu ya beta-karotini, kasoro ncha moja tu iliyoongezewa oksijeni. Yaani, mnyororo ukikatwa katikati barabara, hupatikana vipande viwili vya vitamini A, na ukikatwa penginepo, hupatikana kimoja au pengine hakuna. Uhusiano huu ulithibitishwa mwaka 1930 na Mwingereza Thomas Moore huko Cambridge, aliyewalisha panya waliokosa vitamini A karotini iliyosafishwa, kisha akayachunguza maini yao na kukuta yamejaa vitamini hiyo ilhali rangi ya karotini yenyewe haikuwamo. Rangi iliingia mwilini, na kitu kisicho na rangi kikahifadhiwa kwenye ini. Wakati huo huo Paul Karrer wa Zurich alikuwa akilichora umbo la molekuli yenyewe, na kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya mwaka 1937.

Kwa hesabu ya karatasi, basi, miligramu moja ya beta-karotini ingetoa takriban miligramu moja ya vitamini A. Mwili hauifikii hesabu hiyo hata kwa mbali. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi wa lishe tangu mwaka 2001, kilichopendekezwa na Taasisi ya Tiba ya Marekani, kinasema kwamba zinahitajika mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula ili kupata mikrogramu 1 ya vitamini A, huku beta-karotini iliyokwisha kuyeyushwa katika mafuta ikihitaji mikrogramu 2 tu. Tofauti kati ya 2 na 12 ndiyo inayopaswa kumshughulisha msomaji, kwa kuwa karotini ni ile ile na utumbo ni ule ule, na kilichobadilika ni namna karotini ilivyofungwa ndani ya chakula na jinsi ilivyofunguliwa kabla ya kufika kwenye ukuta wa utumbo.

Kabla ya hapo kwa miaka mingi kiwango kilichotumika kilikuwa 6 kwa 1, na kilichokiangusha ni utafiti uliofanyika Java ya Magharibi, nchini Indonesia, na kuchapishwa mwaka 1995 na Saskia de Pee, Clive West na wenzao. Akina mama wanaonyonyesha waligawanywa katika makundi, ambapo kundi moja lilikula mboga za majani kila siku kwa majuma 12 na kundi jingine likala biskuti nyembamba zilizotiwa beta-karotini ya kiasi kinachokaribiana na kile cha mboga. Waliokula biskuti, vitamini A yao iliongezeka katika damu na katika maziwa, na waliokula mboga hawakuonyesha badiliko la maana. Utafiti wao uliofuata, safari hii kwa watoto wa shule, ulionyesha kwamba matunda ya rangi ya chungwa, kama embe na papai, yalifanya kazi vizuri zaidi kuliko majani: mikrogramu 12 za karotini ya matunda zilitosha kutoa mikrogramu 1 ya vitamini A, ilhali kwa majani zilihitajika takriban 26. Jambo hili linamhusu moja kwa moja mkulima wa Kengeja, kwa kuwa mmea mmoja wa kiazi humpa vyote viwili, matembele juu ya tuta na kiazi chini yake. Ndani ya jani, karotini imefungamana na protini katika vyumba vya kijani vinavyonasa mwanga wa jua, na protini hizo haziiachii kwa urahisi, lakini ndani ya kiazi imehifadhiwa katika vyumba vingine, viitwavyo kromoplasti, ikiwa imerundikana kama fuwele ndogo na matone ya mafuta, na kinachoizuia zaidi ni kuta za seli zinazovizunguka vyumba hivyo. Matembele ni mboga nzuri yenye faida zake nyingi, ila kwa hesabu ya vitamini A peke yake, kiazi cha rangi ya chungwa kinayazidi.

Kuta hizo za seli ndizo za kwanza kuvunjwa, na jiko ndilo linalozivunja. Kiazi kibichi kikitafunwa, seli nyingi hupita tumboni zikiwa nzima na karotini yake ikiwa ndani, kisha hutoka pamoja na choo. Kikichemshwa mpaka kikalainika, gundi inayoshikamanisha seli hulegea, kuta hupasuka, na kikipondwa kwa mwiko, kama afanyavyo mama anayemlisha mtoto mchanga wa miezi 7 au 8, sehemu kubwa zaidi huwa imefunguka kabla haijafika kinywani. Maji ya kuchemshia hayaichukui karotini, kwa sababu haiyeyuki katika maji, nayo ni tofauti kubwa kati yake na vitamini C, ambayo humwagwa pamoja na maji hayo. Kinachoiharibu karotini jikoni ni joto la muda mrefu likiambatana na hewa, kwani oksijeni huushambulia mnyororo wake na kuukata ovyo. Kiazi kilichochemshwa katika chungu kilichofunikwa, kikaepuliwa mara kinapoiva, hubaki na takriban sehemu nne kwa tano za karotini yake au zaidi, na kilichoachwa motoni saa nzima bila kifuniko hupoteza zaidi.

Hatua ya pili ni mafuta, na hapa upishi wa Pemba una hazina ambayo wengi hawaihesabu kuwa lishe. Karotini iliyofunguliwa kutoka katika seli haiwezi kuogelea katika majimaji ya utumbo, bali ni lazima iyeyuke kwanza katika tone la mafuta, kisha nyongo itokayo kwenye ini ilivunjevunje tone hilo kuwa chembe ndogo mno ziitwazo miseli, ambazo ndizo zinazoweza kuukaribia ukuta wa utumbo mwembamba na kuikabidhi karotini kwa seli zake. Mlo usio na mafuta kabisa huifanya nyongo imwagike kidogo, na karotini hubaki bila chombo. Kiasi kinachohitajika ni kidogo, kwani wataalamu wengi hutaja gramu 3 hadi 5 za mafuta kwa mlo mmoja, lakini kiazi chenyewe hakina hata gramu moja ya mafuta katika gramu 100, na kiazi cha chai ya rangi asubuhi, ambacho ndicho mlo wa siku nyingi katika nyumba nyingi, huliwa hivyo hivyo kikavu.

Kiazi cha nazi ni habari nyingine. Tui zito, lile la mkamuo wa kwanza, lina takriban gramu 20 za mafuta katika gramu 100, na nusu bilauri yake ikigawanywa kwa watoto wanne humpa kila mmoja gramu 5 hivi, yaani kiasi kinachotosha. Mpishi anayetia tui jepesi mwanzoni ili viazi vilainike, kisha akamalizia kwa tui zito na kuacha vichemke kidogo huku akikoroga polepole, anafanya kwa mazoea jambo ambalo mtaalamu wa maabara angelifanya kwa makusudi: anafungua seli kwanza, kisha anayaleta mafuta karibu na karotini iliyofunguliwa. Anayetaka kuthibitisha kwamba karotini imehama aangalie rojo lenyewe, ambalo kwa viazi vyeupe hubaki jeupe na kwa viazi vya rangi ya chungwa hugeuka njano. Njano hiyo ni karotini iliyokwisha kuingia ndani ya mafuta, tayari kwa safari ya utumbo, na kwa sababu hiyo rojo linalobaki chini ya chungu lisimwagwe, wala mtoto asipewe vipande vikavu huku wakubwa wakichovya mkate katika rojo. Pasipo na nazi, kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia, au kipande cha samaki mwenye mafuta kando ya kiazi, hutosheleza haja hiyo hiyo.

Hatua ya tatu haimo jikoni wala haiko mikononi mwa mpishi. Pemba ni miongoni mwa mahali palipochunguzwa sana duniani kuhusu minyoo ya tumbo, yaani minyoo mikubwa ya mviringo, minyoo mijeledi na safura, na tangu mwaka 2000 kisiwa kina kituo chake cha utafiti wa maradhi ya aina hiyo, Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyoko Wawi karibu na Chake Chake. Miaka ya nyuma karibu watoto wote wa shule waliopimwa kisiwani walikutwa na angalau aina moja ya minyoo hiyo, na ingawa ugawaji wa dawa mashuleni umepunguza sana wingi wake, minyoo haijatoweka. Mnyoo mkubwa wa mviringo hukaa katika sehemu ya utumbo mwembamba ambako mafuta na vitamini zinazoyeyuka ndani yake hufyonzwa, na ukuta uliochubuka na kuvimba kwa sababu yake huyapitisha mafuta kwa shida, na karotini nayo huzuiwa pamoja na mafuta hayo.

Jinsi kiazi, mafuta na minyoo vinavyofungamana ilionyeshwa waziwazi na utafiti mwingine wa Indonesia, huu wa Sumatra ya Magharibi, uliochapishwa mwaka 1998. Watoto wa miaka 3 hadi 6 walipewa milo ya aina mbalimbali: baadhi waliongezewa vyakula vyenye beta-karotini, hasa viazi vitamu vyekundu, wengine waliongezewa mafuta, wengine walipewa dawa ya minyoo, na wengine walipata mchanganyiko wa hayo. Viazi peke yake viliongeza vitamini A katika damu, lakini ongezeko kubwa kuliko yote lilionekana kwa watoto waliopata vyote vitatu kwa pamoja. La kuzingatia zaidi ni kwamba watoto waliopewa dawa ya minyoo na mafuta bila kuongezewa karotini yoyote nao walipanda, kwani chakula chao cha kawaida kilikuwa na karotini ambayo hadi siku hiyo ilikuwa ikipita bure. Mzazi wa Kengeja anayepanda mbegu mpya ya kiazi lakini mtoto wake akakosa dawa ya minyoo siku inapogawiwa amefanya nusu ya kazi.

Karotini iliyovuka vizuizi hivyo huingia ndani ya seli za ukuta wa utumbo, na ndipo kukata kunapofanyika. Kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha badiliko la kikemia, ambacho katika vitabu vya wataalamu huandikwa BCO1, huukamata mnyororo wa kaboni 40 na, kwa kutumia oksijeni pamoja na atomu ya chuma iliyomo katikati yake, huukata pale pale katikati. Vipande viwili vinavyopatikana huitwa retinali, navyo hubadilishwa mara moja kuwa retinoli, kisha kila kimoja huunganishwa na asidi ya mafuta ili kiweze kusafirishwa. Vifurushi vya mafuta viitwavyo kilomikroni hubeba mzigo huo kupitia mishipa ya limfu, huingia katika damu karibu na shingo, na hatimaye hufika kwenye ini. Sehemu ya karotini isiyokatwa husafiri pamoja navyo ikiwa nzima, na baadhi yake hukatwa baadaye kwenye ini na katika viungo vingine. Watu hawalingani katika uwezo huu wa kukata, kwa kuwa wapo waliorithi aina ya kimeng'enya kinachofanya kazi polepole, ambao kwa karotini ile ile hupata vitamini A pungufu sana kuliko wenzao.

Lililo la ajabu katika hatua hii, na ambalo linastahili kuelezwa kwa kituo, ni kwamba mwili wenyewe huamua ukate kiasi gani. Vitamini A inapokuwa ya kutosha, sehemu yake hugeuzwa kuwa asidi ya retinoiki, ambayo katika seli za utumbo huamsha protini iitwayo ISX, na protini hiyo huzima utengenezaji wa BCO1 na kupunguza pia mlango unaopitisha karotini kuingia katika seli. Akiba ikipungua, breki hiyo hulegea na kukata huongezeka. Kutokana na utaratibu huo, mtoto mwenye upungufu hunufaika na kiazi kile kile kuliko mtoto aliyeshiba vitamini, na hakuna mtu anayeweza kudhurika kwa wingi wa vitamini A kwa kula viazi, jambo linaloweza kumpata anayemeza vidonge vya retinoli kupita kiasi au anayekula maini kila siku. Mtu anayekula viazi vya rangi ya chungwa kwa wingi mno, majuma kwa majuma, huweza kuona viganja vyake na nyayo zake zikigeuka njano, kwani karotini isiyokatwa hujikusanya katika ngozi. Hali hiyo haina madhara na hutoweka akipunguza, ila isichanganywe na manjano ya maradhi ya ini: katika maradhi ya ini weupe wa macho nao hugeuka njano na mkojo hukolea rangi, lakini kwa mla viazi macho hubaki meupe. Mwenye macho ya njano apelekwe kituo cha afya bila kungojea.

Vitamini A iliyofika kwenye ini huhifadhiwa katika seli maalumu za kiungo hicho, na hutolewa kidogo kidogo kwenda kwenye damu ikiwa imeshikwa na protini yake ya kuisafirisha. Kiasi kinachofika machoni hugeuzwa tena kuwa retinali na kuungana na protini iitwayo opsini kutengeneza rangi inayonasa mwanga hafifu, na kwa hiyo dalili ya mapema ambayo familia huweza kuiona ni mtoto anayejikwaa wakati wa magharibi katika uwanja ambao mchana anaukimbia bila taabu. Hata hivyo dalili hiyo huja ini likiwa limekwisha kupungukiwa sana, na kipimo cha kawaida cha damu nacho hupotosha, kwa sababu ini hujitahidi kukiweka kiwango cha damu palepale mpaka akiba inapokaribia kwisha, huku homa au maambukizi yoyote yakikishusha kwa muda hata kwa mtoto mwenye akiba nzuri. Utafiti unaotaka kujua kama kiazi kimefanya kazi hauna budi kuliangalia ini lenyewe kwa njia fulani.

Ndivyo walivyofanya Paul van Jaarsveld na wenzake nchini Afrika Kusini, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005. Watoto wa shule ya msingi walipewa gramu 125 za kiazi kilichochemshwa na kupondwa kila siku ya masomo kwa siku 53, kundi moja likila kiazi cha rangi ya chungwa cha aina ya Resisto na kundi jingine kiazi cheupe. Ili kujua akiba ya ini bila kulitoboa, kila mtoto alipewa dozi ndogo ya kitu kinachofanana sana na vitamini A lakini ambacho mwilini hakimo kwa kawaida, kisha damu ikapimwa saa chache baadaye, kwa kuwa ini lenye akiba haba hukitoa haraka kitu hicho kuingia katika damu, na lenye akiba ya kutosha hukitoa kidogo tu. Katika kundi la kiazi cha rangi ya chungwa, watoto wenye akiba ya kawaida walipanda kutoka asilimia 78 hadi 87, na katika kundi la kiazi cheupe walishuka kutoka asilimia 86 hadi 82.

Hesabu ya mtoto mmoja wa Kengeja inaweza sasa kufanywa. Mtoto wa miaka 2 huhitaji takriban mikrogramu 300 za vitamini A kwa siku. Kwa vipimo vya Idara ya Kilimo ya Marekani, gramu 100 za kiazi cha rangi ya chungwa kilichochemshwa bila ganda zina mikrogramu 9,444 za beta-karotini, ambazo zikigawanywa kwa 12 hutoa mikrogramu 787 za vitamini A, na kwa hiyo gramu 40 hivi, kipande kinachoenea katika kiganja cha mtoto huyo, zingemtosha kwa siku. Mama yake anayenyonyesha huhitaji 1,300, yaani gramu 165 hivi, kiasi cha kiazi kimoja cha wastani. Lakini kiazi chenye rangi hafifu, ambacho karotini yake ni sehemu moja ya kumi tu ya hicho, kingemlazimu mtoto ale gramu 400, mzigo ambao tumbo la umri huo haliwezi kuubeba. Rangi ni kipimo cha kuaminika kwa kiasi hiki: kadiri nyama ya kiazi inavyokaribia rangi ya karoti, ndivyo karotini inavyokuwa nyingi, na ganda halisemi lolote, kwa kuwa yapo maganda mekundu yenye nyama nyeupe kabisa. Mwenye kununua marando au viazi vya mbegu aombe kimoja kikatwe.

Linabaki suala la miezi ambayo matuta hayana kitu. Huko Shinyanga na Mwanza viazi hukaushwa vikawa michembe, vikikatwa vibichi, au matobolwa, vikichemshwa kwanza, na wapo wanaoshauri kwamba viazi lishe navyo vikaushwe na kusagwa unga wa uji wa watoto. Watu wengi hudhani jua ndilo adui mkuu hapa, na ni kweli kwamba vipande vilivyoanikwa juani bila kivuli hupoteza sehemu ya karotini yao, lakini vipimo vilivyofanywa Uganda na Msumbiji vilionyesha kwamba hasara kubwa zaidi hutokea baadaye, ghalani, kwa sababu kiazi kikavu kimefunguka kwa hewa pande zote na oksijeni huendelea kula karotini kila siku, hasa penye joto. Baada ya miezi minne katika joto la kawaida la chumba, sehemu kubwa ya karotini huwa imekwisha. Unga uliofifia rangi umekwisha kupoteza kile ulichohifadhiwa kwa ajili yake, ingawa wanga wake umo na uji wake bado utamshibisha mtoto. Kwa Kengeja, ambako unyevu wa bahari hufanya ukaushaji uwe mgumu, njia iliyo salama zaidi ni kupanda kwa zamu, marando ya tuta moja yakikatwa kuwa mbegu ya tuta jingine majuma kadhaa baadaye, ili kiazi kingojee ardhini na si guniani, na kuhifadhi kitalu kidogo cha marando karibu na kisima wakati wa kiangazi, kwa maana marando yakifa kwa ukame, msimu unaofuata huanza kwa mbegu yoyote ipatikanayo, na mara nyingi hiyo huwa ni ile nyeupe.